Mvua Ilinyesha Mwaka Jana

Mzee wetu alilisikia neno tabianchi redioni, na tangu siku hiyo hakuliacha. Mahindi yamekauka, tabianchi. Mbuzi kakohoa, tabianchi. Ukimuuliza mbona hujala, anakwambia nchi imebadilika tabia, hapa hapakaliki tena. Mimi nilimwacha aseme. Mtu aliyefiwa na mke unamwacha aseme. Ila alipoanza kusema anauza shamba, hapo sikumwacha.

Naitwa Moses. Naendesha bodaboda hapa Kagerankanda, siku za soko napeleka watu Kasulu mjini. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa wala nini, kukaa kwenye dawati kulinishinda tu. Mwenye kichwa nyumbani ni mdogo wangu Dosia, jina lake la kanisani Theodosia. Naye sasa yuko kidato kilekile nilichokimbia, na anakaa kwenye dawati kama kapigiliwa msumari.

Shamba lenyewe alilifyeka babu alipokuja kutoka Burundi. Baba yangu, Leonidasi, alizaliwa ukimbizini, akapata uraia akiwa mtu mzima, na shamba hilo ndiyo kitu pekee ambacho hakuna mtu aliwahi kumwambia akiache. Mama alizikwa humo, kwenye migomba nyuma ya jiko. Alifariki mwaka jana mwezi wa kumi, mvua zinaanza. Alishikwa na tumbo asubuhi, tukampakia kwenye pikipiki yangu, mimi mbele, baba nyuma kamkumbatia. Tulipofika hospitali baba alikuwa bado kamkumbatia na hakutaka kushuka.

Msimu ule hatukuvuna. Mahindi yalitoa mbelewele, jua likapiga, yakabaki mashina. Maharage ndiyo usiseme. Na baba akapata neno lake.

Mnunuzi alikuwa Shamsi, mwenye duka la vyombo Kasulu. Si mtu mbaya. Alisema kaburi ataliacha, atalizungushia michongoma. Mimi nikamwambia baba, sawa, na sisi tukitaka kumsalimia mama tutabisha hodi kwa Shamsi? Baba alisema ataongea siku ya kuganduka, basi.

Kuganduka ni siku ya kuondoa msiba kabisa. Kwetu sisi tuliotoka upande wa Burundi, mtu akifa mnakaa matanga, halafu mwaka ukikaribia kuisha ukoo unarudi, mnakunywa pombe ya ndizi, mnasema maneno ya mwisho, na mambo ya mali yanaamuliwa hapohapo. Ikishasemwa siku hiyo imesemwa. Kwa hiyo mimi na Dosia tulikuwa na muda mpaka baba zetu wadogo waje kutoka Kasanda. Baada ya hapo mama angekuwa kwenye shamba la Shamsi.

Silaha tuliipata shuleni kwa Dosia, na ilikuja yenyewe.

Mwalimu wao wa jiografia anaitwa Madam Asmahani, dada wa mjini Kasulu, anavaa hijabu na buti za mpira. Mvua zilipoanza aliwaandikia ubaoni somo la hali ya hewa na tabianchi. Dosia akaja nyumbani kasisimka, akanisomea kwa Kiswahili wakati nabadilisha oili. Hali ya hewa ni jinsi hewa ilivyo mahali fulani kwa muda mfupi: leo, asubuhi hii, wiki hii. Mvua, joto, upepo, mawingu, unyevu. Inabadilika hata kabla hujamaliza kuanika nguo. Tabianchi ni wastani wa hali ya hewa ya eneo kwa miaka mingi, thelathini au zaidi. Huwezi kuiona kwa kuchungulia dirishani. Mwaka mmoja mbaya ni hali ya hewa ya mwaka huo. Kama tabianchi imebadilika, utaijua ukipanga miaka mingi na kulinganisha, siyo kwa kulia juu ya mahindi ya msimu mmoja.

Nikaweka spana chini. Nikamwambia asome tena hapo pa msimu mmoja.

"Kwa hiyo mzee anazingua," nikasema.

"Sijasema hivyo mimi."

"Madam kasema."

"Madam hamjui baba," Dosia akasema.

Halafu ikaja kazi ya mradi. Kila mwanafunzi apime mvua nyumbani kwake mpaka mwisho wa muhula. Unachukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, unakata sehemu ya juu, unaigeuza unaichomeka kama faneli ya kumiminia mafuta. Chini unaweka kokoto ili upepo usiiangushe, unamimina maji kidogo yafunike kokoto na ule mgongomgongo wa kitako, unachora mstari. Huo mstari ndiyo sifuri. Maji yakipanda juu ya mstari, unapima na rula, hizo ni milimita za mvua. Unasoma kila asubuhi saa ileile, unamwaga mpaka mstarini, unaanza upya. Na jambo ambalo Madam alilirudia mpaka wakamuigiza: siku isiyo na mvua usiiruke. Andika sifuri. Sifuri nayo ni kipimo. Na mvua ambayo haikunyesha usiiandike hata kama unaitamani.

Dosia alitaka kuiweka chupa kule kwenye migomba, karibu na mama. Alikuja kugundua haifai, majani ya mgomba yanakinga mvua na mengine yanamwagia maji yake ndani. Karibu na nyumba haifai, paa. Lazima iwe peupe, mbali na chochote kirefu. Na mahali peupe kwetu palikuwa mahali pamoja tu, katikati ya shamba, pale ambapo mahindi yalitakiwa yawe. Kwa sababu mwezi wa kumi ulikuwa umeingia tena, majirani wanapanda, na baba hakuwa amelima hata tuta. Huwezi kulimia mtu mwingine, alisema.

Basi kila asubuhi kabla ya shule Dosia anavuka udongo mtupu na sare yake, anapiga magoti kwenye matope, jicho usawa wa maji. Baba anamtazama kutoka mlangoni. Siku moja nilimsikia anamuuliza imeingia ngapi. Dosia akasema kumi na nane. Baba akasema ego, kwa Kirundi chetu, yaani ndiyo, akarudi ndani.

Ilinyesha kinoma mwaka huu. Chupa inajaa, shamba tupu. Mimi kila nikipita na abiria naona mahindi ya watu yametoka, nasikia kama mtu ananifinya.

Nikaenda shuleni mwenyewe. Nilimbeba Madam kutoka mjini asubuhi moja, na tulipofika getini nikazima pikipiki nikamwambia nina swali. Akaniuliza mimi ni mzazi? Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wako mtoro, ila wewe ulikuwa bado hujaajiriwa. Akacheka, akanipeleka darasani.

Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa za manila zimeunganishwa kwa gundi. Shule ina kipimamvua chake uwanjani, na kila darasa linapokuja linaendeleza mchoro. Nguzo za bluu, kila mwezi nguzo yake. Miaka minne tu, aliyeanza ni yeye. Akanionyesha mwaka jana. Mwezi wa kumi, nguzo. Wa kumi na moja, nguzo ndefu kuliko ya mwaka juzi. Wa kumi na mbili, ndefu. Mwezi wa pili mwaka huu nguzo imekuwa fupi, na ukiangalia miaka mingine yote ni hivyohivyo, kile kiangazi kidogo cha katikati ambacho hata bibi alikuwa anakijua.

Nikamwambia, "Kwa hiyo mvua ilinyesha mwaka jana."

"Ilinyesha."

"Na tabianchi haijabadilika."

Hapo akainua mkono kunizuia. Alisema hilo hawezi kulisema na mimi nisiliseme. Miaka minne si tabianchi, ni hali ya hewa iliyopangwa foleni. Huenda inabadilika kweli, wataalamu wenye vipimo vya miaka mingi wanasema sehemu nyingi inabadilika, lakini karatasi hii haiwezi kumhukumu mtu yeyote. Baba yako akitumia mwaka mmoja kusema nchi imeharibika, kakosea, na wewe ukitumia minne kusema nchi ni nzima, umekosea vilevile. Kitu karatasi inasema ni kimoja, mwaka jana shuleni hapa ilinyesha kama miaka mingine.

Nikamwambia hicho kimoja kinanitosha. Nikapiga picha na simu.

Siku ya kuganduka walikuja baba mdogo Nduwayezu na wenzake kutoka Kasanda, na shangazi Niyomwungere, dada wa baba, ambaye anakaa jirani na ndiye aliyekuwa akitupikia mwaka mzima. Baba mdogo ni mtu wa utani. Alipoiona chupa shambani akauliza tunaitegea mvua kama panya? Shangazi akamwambia usiiguse, juzi nilitaka kunawia miguu, mtoto nusura aniue. Watu wakacheka. Baba naye alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza nione meno yake tangu ile siku ya pikipiki.

Tukasali, tukanywa, wakasema ya kusema juu ya mama. Kwamba alikuwa na mkono wa mbegu. Hilo kila mtu alilisema. Mama alikuwa anachagua mbegu moja moja kwenye ungo, anazifunga kwenye majani makavu ya mgomba vifungu vifungu, anazining'iniza juu ya jiko, moshi unazilinda na wadudu. Ukifika wakati, baba ndiye anafungua na kutupa ya kwanza ardhini, kwa sababu kwetu mwenye nyumba ndiye anayetangulia. Yeye kabla hajaanza, sisi wengine hatupandi.

Halafu baba akasimama. Akasema shamba hili limechoka, mvua si ile ya wazee, mwaka jana mmeona wenyewe, tabianchi imegeuka, kuna mtu anataka kununua na yeye ameridhia. Sasa ukoo nao uridhie.

Nikasimama na mimi. Nilitoa simu nikampa baba mdogo. Nikaeleza nguzo, mwezi kwa mwezi, nikamwita Dosia aeleze tofauti ya hali ya hewa na tabianchi. Dosia aliongea anaangalia chini, na alisema yote, mpaka lile onyo la Madam kwamba miaka minne haitoshi. Mimi ningeliruka. Yeye hakuliruka.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Baba mdogo aliikuza picha kwa vidole, akaikuza tena. Utani ukamtoka usoni.

"Leo," akamwambia kaka yake, ndivyo wanavyomfupisha Leonidasi. "Mvua ilinyesha."

Akamgeuzia kioo cha simu.

"Sasa kama ilinyesha, kwa nini hamkuvuna?"

Nilikuwa na jibu langu, nilitaka kusema mbegu, mbolea, sijui nini. Shangazi akanitangulia. Alisema taratibu, kama anayetua mtungi, kwamba hatukupanda kwa wakati. Watu wote walipanda mwezi wa kumi, sisi tukapanda Krismasi inabisha hodi. Mahindi yakatoa mbelewele kwenye kiangazi kidogo. Tungevuna nini.

Mimi nilikuwepo. Nililima mwenyewe ile Desemba. Nilidhani tulichelewa kwa sababu ya matanga, na matanga yaliisha wiki ileile. Sikuwahi kujiuliza zile wiki nyingine zilikwenda wapi. Sasa zilikuwa zimekaa pale katikati yetu na baba anaziangalia.

"Mvua najua ilinyesha," baba akasema. "Nililala naisikia kwenye bati. Kila siku nilikwenda jikoni nikasimama chini ya zile mbegu. Alizifunga yeye. Ule mkunjo ni wa kidole chake. Nikizifungua, basi, ameisha."

Nje mbuzi analia.

"Ningewaambiaje nauza shamba kwa sababu siwezi kufungua mbegu? Nikasema tabianchi. Redio inasema, watu wanaelewa." Akanitazama mimi, siyo kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. "Wewe umeleta picha."

Akakaa.

Ukoo ni ukoo. Walishauriana kwa sauti ya chini, na baba mdogo akatoa neno, anafuta jasho. Shamba halina kosa. Kama ni mvua, mvua ipo. Shamba la mzee wetu haliuzwi kwa ajili ya huzuni, huzuni inapita. Nilitaka wafike hapo, na walipofika nilitamani mmoja aseme hapana, huzuni nayo ni sababu, mwacheni auze. Hata mimi sikusema. Ikishasemwa siku hiyo imesemwa.

Baba akasema ego.

Asubuhi nilimkuta kafunga begi. Alisema anakwenda na mdogo wake Kasanda, kukaa kidogo. Niliwapeleka Kasulu kupanda gari la Kibondo kuelekea huko, baba mdogo kwenye pikipiki ya mwenzangu, baba kwenye yangu. Alikaa nyuma, na hakunishika. Alishika chuma cha nyuma njia nzima, pamoja na yale mashimo yote. Gari lilipoanza kuondoka aliniambia kupitia dirishani kwamba kuna kifungu kimoja cha maharage hakukifungua ile Desemba, kipo bado juu ya jiko. Nitangulie mimi. Sasa mwenye nyumba ni mimi.

Niliporudi Dosia alikuwa amekwisha weka jembe mlangoni. Tukaingia jikoni. Jiko lile tangu mama aondoke hakuna aliyeliwasha, Dosia alikuwa anachemshia chai nje kwenye mkaa na chakula kinatoka kwa shangazi. Majivu yalikuwa yaleyale, yameshika kama udongo. Kifungu kilikuwa kinaning'inia peke yake, na mkunjo wake.

Nilikishusha. Kilikuwa chepesi. Nikajua kabla sijafungua, ila nikafungua.

Unga. Unga mweupe, na maganda yenye matundu, na wadudu wadogo weusi wakakimbilia kwenye vidole vyangu. Moshi ndiyo ulikuwa unazilinda, na moshi uliisha siku moja na mama. Baba alisimama chini yake mwaka mzima akilinda unga.

Dosia alinyanyua jani lile tupu, akajaribu kulikunja lilivyokuwa. Likavunjika.

Tulinunua mbegu Kasulu, zile za pakiti. Nilitangulia mimi, nikatupa ya kwanza, sikusikia chochote. Tulipanda kuizunguka chupa, Dosia akapima kwa fimbo eneo la kuacha wazi, mahindi yakirefuka yasije yakaikinga.

Baba anapiga simu. Anapiga asubuhi, wakati ambao Dosia yuko shambani, anaujua. Yeye hatuulizi tumekula nini wala hatuambii anarudi lini. Anauliza imeingia ngapi. Tukimwambia ishirini, anasema huku Kasanda hatujapata, au anasema huku imenyesha usiku kucha, na kwetu ni jua. Dosia anamwambia ndivyo ilivyo, baba, hali ya hewa ni ya mahali na siku. Anasema ego. Kisha kunakuwa na ile sauti ya simu isiyoongea, mpaka salio linakata.

Wiki iliyopita alipiga, simu ikawa kwangu, niliiweka sauti ya nje. Dosia alikuwa amepiga magoti palepale na rula yake. Mzee akauliza mvua, halafu hakunyamaza kama siku zote.

"Zile za mama yenu," akasema. "Mlizipanda?"

Nikamwangalia Dosia. Naye akaniangalia.

"Tulizipanda," nikasema.

"Zimeota?"

Maharage ya pakiti yalikuwa yametoka mstari kwa mstari mpaka kwenye migomba.

"Zimeota zote, mzee."

Nilimsikia anavuta pumzi, halafu akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, huko Kasanda, kuna watu wanapita nyuma yake na baiskeli. Sikumkatia. Ilijikata.

Nilingoja Dosia aseme kitu. Ni mtu ambaye hawezi kuandika milimita moja ambayo haikunyesha. Alirudi kuinamia chupa, akaweka jicho usawa wa maji, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Usiku wa kuamkia siku ile mvua haikuwa imenyesha. Maji yalikuwa mstarini.

Akaandika sifuri, akaenda shule.